Betri ya Kamera ya Bei Rahisi Imekataa Kuchaji kwa USB? Soma Hii Kabla Uharibu Mashine

Saa kumi na moja asubuhi, Jumamosi. Ruracio iko Murang'a na gari ya mbogi inatoka Ngara saa kumi na mbili. Kamera ilikuwa imelala kwa kebo ya USB usiku mzima, so ulilala ukijua betri imejaa. Unaiwasha. Betri iko vile ulivyoiwacha Ijumaa jioni, laini moja nyekundu imebaki.

Hii ilinipata mimi mwenyewe. Kamera ilikuwa Canon EOS R6, na betri ilikuwa ile ya kampuni ingine, nilinunua mbili tao kwa bei ya kuchekesha ukilinganisha na moja orijino. Muuzaji aliniambia "inaingia R6 bila shida." Hakudanganya. Iliingia, kamera ikawaka, picha zikatoka fiti. Kitu hakuniambia ni kwamba kuwasha kamera na kuchajiwa ndani ya kamera ni mambo mawili tofauti kabisa.

Mbona inawasha lakini haichaji?

Toa betri uangalie kichwa chake. Kuna vituo vya chuma kadhaa. Viwili ni vya moto, chanya na hasi. Hivyo vingine ni vya kuongea na kamera. Ndani ya betri orijino kuna chipu ndogo inayoambia kamera "mimi ni aina hii, nimebaki asilimia hii, nimezeeka kiasi hiki."

Ukitaka tu kupiga picha, kamera inaweza kukubali moto bila mazungumzo mengi. Wakati mwingine itakuandikia kwa skrini `Battery communication error` na kukuuliza kama betri iko na nembo ya Canon, ukikubali mnaendelea. Lakini kuchaji ni hatari zaidi, juu hapo kamera ndiyo inasukuma moto ndani ya lithiamu. Kama haijui inasukumia nani, inakataa. Na haipigi kelele, inanyamaza tu.

Kwa R6, betri zinazokubalika kuchajiwa ndani ya kamera ni LP-E6NH na LP-E6N. Ile LP-E6 ya kitambo, isiyo na herufi hiyo ya N, inawasha kamera vizuri lakini haichajiki humo ndani hata kama ni orijino ya kiwandani. Sasa fikiria: betri nyingi za bei rahisi zimeiga ile LP-E6 ya zamani, halafu lebo ikaandikwa majina yote matatu. Ndio maana unaeza nunua mbili zinafanana, moja ichaji, ingine igome.

Kabla ulaumu betri, angalia hizi

Kwanza, kamera lazima iwe imezimwa. R6 ikiwa imewashwa, moto wa USB unaendesha kamera, haujazi betri.

Pili, chaja. Ndani ya betri hii kuna seli mbili zimefuatana. Lebo inasema volti 7.2, lakini ikijaa inafika volti 8.4. Chaja ya kawaida ya simu inatoa volti 5. Huwezi jaza tangi la juu na maji ya chini bila pampu. Ndio maana R6 inataka chaja ya USB-C ya aina ya PD, ile inayoweza kupandisha volti baada ya kuongea na kifaa. Kale kachaja ka zamani ka kabambe hakatakusaidia.

Tatu, angalia taa ndogo ya kijani, ile huwaka kadi ikiandikwa. Ikiwaka na kutulia, betri inachaji. Ikizima baada ya masaa kadhaa, imejaa. Isipowaka kabisa, ama ianze kupepesa, kuna shida, chomoa. Mimi usiku ule sikuangalia taa. Nilichomeka, nikalala. Dakika moja tu ingeniokoa.

Kama kamera imezimwa, chaja ni PD, kebo ni nzima na taa bado imekataa, basi ni betri. Usihangaike kuilazimisha. Ichaji nje, kwa chaja ya ukutani ya betri za LP-E6.

Na zile ziko na tundu la USB-C kwa mwili?

Siku hizi kuna betri zimewekwa tundu la USB-C kando yake, unachomeka moja kwa moja kama simu. Hizi hazihitaji ruhusa ya kamera, juu pampu ya kupandisha volti 5 hadi 8.4 imewekwa ndani yake. Ni rahisi kubeba, lakini pampu hiyo inatoa joto, na joto liko sentimita chache tu kutoka kwa seli. So zichaji nje ya kamera, juu ya kitu kigumu kama meza ama sakafu, si kitandani wala chini ya mto.

Kuna kitu kimoja kinachanganya watu wengi: betri inakataa kuchaji na kebo iliyo na USB-C pande zote mbili, lakini inachaji ukitumia kebo iliyo na USB ile kubwa ya zamani upande wa chaja. Si mzimu. Mtengenezaji alipunguza gharama akaacha vipande vidogo vinavyoambia chaja ya USB-C "niko hapa, lete moto." Betri inaweza kuwa sawa, lakini hiyo inakuonyesha jamaa alibania wapi. Jiulize amebania wapi kwingine huko ndani penye huoni.

Soma lebo kama polisi

Chukua simu ufanye hesabu: mAh gawanya kwa 1000, halafu zidisha na volti. Jibu linafaa kukaribia Wh iliyoandikwa. LP-E6NH ya orijino ni 2130mAh kwa volti 7.2, inatoa kama 15.3, na lebo yake inasema 16Wh. Inaingia akilini. Sasa ukipata betri ya umbo lile lile imeandikwa 2600mAh, hiyo inafaa kuwa karibu 18.7Wh. Kama chini yake imeandikwa 14Wh, namba moja ni ya uongo, na mtu akidanganya kwa lebo usitarajie awe mkweli kwa saketi ya usalama.

Kufura: hapa ndipo ngori huanza

Miezi kadhaa baada ya ile ruracio, moja ya zile betri ikakwama ndani ya kamera. Unafungua mlango, unasukuma kale kashikio, haitoki. Ilikuwa imefura.

Betri hufura wakati maji ya kemikali ndani ya seli yanavunjika na kugeuka gesi. Gesi haina pa kwenda, so inasukuma kuta. Sababu kuu ni joto, kujazwa kupita kiasi na uzee. Ingine ni kuachwa ikiwa imekauka kabisa kwa miezi, halafu ichajiwe ghafla. Betri nzuri iko na saketi inayokata moto kabla mambo yafike hapo. Ya bei rahisi inaweza kuwa nayo dhaifu, ama seli zake zilikuwa zimechoka toka mwanzo.

Huhitaji kifaa chochote kujua. Laza betri juu ya kioo cha simu ama meza tambarare na uizungushe kwa kidole. Iliyo nzima inakwaruza na kusimama. Iliyofura inazunguka kama pia, juu tumbo limetoka. Dalili ingine ni kwamba zamani ilikuwa inaingia ikiteleza, sasa inabidi uisukume. Ukihisi hivyo mara moja, usiiingize tena. Yangu ilinionya wiki mbili mapema, nikapuuza.

Ikikwama, zima kamera na utoe lenzi. Fungua mlango, geuza kamera mlango ukiangalia chini, shikilia kile kishikio kikiwa kimefunguka, halafu gonga kamera polepole kwa kiganja. Fanya hivyo juu ya taulo. Usitumie bisibisi, kisu wala koleo. Ukiitoboa, chanya na hasi za ndani zinagusana na unaweza kuona miali mkononi. Isipotoka, peleka kwa fundi. Kubadilisha mlango wa betri ni bei ndogo kuliko kununua bodi.

Ikitoka, hiyo safari yake imeisha. Usiichaji "mara moja ya mwisho", usiifinye, usitoboe kutoa gesi. Funika vituo vya chuma na selotepu, iweke kwa mkebe wa chuma wenye mchanga, mbali na keja. Usiitupe kwa pipa la takataka, lori la taka likiifinya inaweza kuwaka. Nairobi kuna WEEE Centre wanaoshughulikia taka za elektroniki, wapelekee. Na ikianza kutoa moshi, toka nje ya chumba na upige 999 ama 112. Ule moshi ni sumu.

Kuziweka vizuri ndio ziishi

Kama una gigi kesho, jaza leo usiku ukiwa macho. Kama hauna kazi kwa wiki kadhaa, usiziwache zikiwa zimejaa wala zikiwa kavu. Karibu nusu ndio sawa. Lithiamu iliyojaa na kukaa kwa joto inazeeka haraka. Zitoe ndani ya kamera, rudisha kale kafuniko ka plastiki, weka mahali pakavu pasipo na jua. Zikague kila baada ya miezi michache na uongeze moto kidogo kama zimeshuka.

Mahali pabaya zaidi ni gari iliyoegeshwa juani na mfuko ulio na funguo. Funguo ikigusa chanya na hasi pamoja, mfuko unapata moto kabla ujue ni nini.

Mimi sasa nimeandika namba kwa kila betri na selotepu, pamoja na mwezi nilionunua. Kwa menyu ya R6 kuna `Battery info`, inaonyesha betri imebaki na afya gani kwa vistari vitatu. Kikibaki kimoja chekundu, inastaafu. Za bei rahisi hazionyeshi kila mara, so hizo nazizungusha mezani kila Ijumaa.

Bado nanunua betri zisizo orijino, siwezi danganya. Lakini ya kuanzia kazi ni orijino, na hizo zingine ni za akiba, zinachajiwa ukutani, nikiwa macho. Ruracio ile niliokolewa na beshte aliyekuja na betri mbili. Hata hivyo, picha za wazee wakiingia sikuzipata, na hizo huwezi omba watu warudie.