Laptopu ya Mhandisi: Kadi Iliyopimwa, Joto Linalotoka

Mwanafunzi wa uhandisi mitambo anachora giaboksi kwenye SolidWorks. Anabofya uso wa gia, programu inachagua uso ulio nyuma yake. Mistari inapepesa, kisha programu inajifunga yenyewe. Hapo wengi husema laptopu haina nguvu, kumbe mara nyingi kosa liko kwenye kadi ya michoro na draiva yake.

Wenye programu hupima kadi pamoja na toleo maalumu la draiva, kwa toleo fulani la programu. Vikifaulu kwa pamoja ndipo vinaingia kwenye orodha ya vilivyothibitishwa. Orodha ya SolidWorks ni ya kadi za kazi: NVIDIA RTX za kitaalamu, zamani zikiitwa Quadro, na AMD Radeon Pro. Hupatikana kwenye laptopu kama Dell Precision, HP ZBook na ThinkPad P. GeForce ni kadi ya michezo. Itachora vizuri tu, lakini siku ikileta hitilafu hakuna draiva iliyopimwa ya kukimbilia. Hata mwenye kadi ya kazi, akisasisha draiva kiholela, anaweza kujitoa kwenye orodha.

Kujua kosa liko wapi, funga michoro yote, nenda `Tools > Options > System Options > Performance`, weka alama kwenye `Use software OpenGL`, kisha fungua mchoro uleule. Sasa prosesa ndiyo inayochora, polepole, na kadi imepumzishwa. Kosa likitoweka, weka draiva iliyo kwenye orodha, halafu uondoe alama ile. Likibaki, kagua faili lenyewe.

Kukokotoa mkazo wa chuma ni habari nyingine. Hapo prosesa na RAM ndivyo vinavyobeba mzigo, pengine nusu saa bila kupumua, na adui ni joto. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi isije ikaungua. Chumba cha hosteli Dar es Salaam chenye nyuzi 32 kinaipandisha karibu nyuzi 10 zaidi kuliko ofisi yenye nyuzi 22.

Kwa hiyo ukinunua iliyotumika, endesha hesabu moja nzito kwa dakika 20 huku umefungua Task Manager, sehemu ya CPU, ukitazama `Speed`. Ikianza na 3.6 GHz ikashuka hadi 2.1 GHz na kubaki hapo, huenda joto halitoki. Pengine ni vumbi kwenye mapezi ya shaba au grisi ya prosesa iliyokauka, na fundi anayatengeneza yote mawili. Lakini ikiwa imesafishwa na bado inashuka, huenda umbo lake ni jembamba mno kwa kazi hii, mrudishie muuzaji.

Ukishaipata, usiiweke kitandani. Hewa inaingilia chini, na godoro huziba matundu.