Mkutano wa Wazazi Ufanywe kwa Lugha Gani?

Yamkini msomaji amewahi kuhudhuria mkutano wa wazazi katika shule ya mashambani. Mwalimu mkuu huwaamkua watu kwa lugha ya mama, huongeza maneno mawili matatu ya Kiswahili, na afikapo kwenye fedha za chakula cha mchana huhamia Kiingereza, maana makadirio yaliandikwa kwa lugha hiyo. Huuliza kama wameelewa, nao hujibu kwa sauti moja kwamba wameelewa. Wiki chache baadaye mtoto hurudishwa nyumbani, na nyanya anayemlea hushangaa ni deni gani hilo analodaiwa.

Tuseme shule hiyo iko Makueni, na waliohudhuria ni watu 40. Kati yao 36 wanajua Kikamba. Wanne waliosalia, walimu watatu waliotoka Kisii na Busia pamoja na mzazi mmoja aliyehamishiwa huko kikazi, hawakijui kabisa. Wanaoweza kufuata hesabu kwa Kiingereza ni 15 tu. Kwa hiyo Kiingereza kitawafungia nje watu 25, ilhali Kikamba kitawafungia nje wanne. Anayehesabu vichwa atachagua Kikamba mara moja. Lakini miongoni mwa wanne hao yumo mwalimu anayetunza hesabu za chakula, naye hawezi kujibu swali asilolielewa.

Mwanafalsafa wa Ubelgiji, Philippe Van Parijs, katika kitabu chake cha mwaka 2011 kuhusu haki ya lugha, aliieleza kanuni ambayo watu wengi huifuata bila kufundishwa. Badala ya kuuliza ni lugha gani inayojulikana na wengi, kwa kila lugha mtafute yule anayeijua kidogo kuliko wenzake wote. Kisha chagueni lugha ambayo huyo wa mwisho ana afadhali. Katika mkutano wetu, wa mwisho katika Kiingereza ni nyanya asiyejua hata neno. Wa mwisho katika Kikamba ni mwalimu wa Busia, naye hajui neno vilevile. Wa mwisho katika Kiswahili ni nyanya yuleyule, lakini hapa ana kitu: Kiswahili cha sokoni, cha kuuliza bei na kumjibu kondakta. Kiswahili ndicho kitakachouendesha mkutano.

Hata hivyo, Kiswahili cha sokoni hakimtoshi mtu kufuata maelezo ya “salio” na “awamu ya pili”. Hapa ndipo wenyeviti wengi hukosea, wakidhani kwamba lugha isiyo ya upande wowote ni lugha inayoeleweka na wote. Si lazima mkutano mzima utafsiriwe, maana utachukua muda maradufu na watu wataanza kuondoka. Mambo yanayomfunga mzazi ni machache: kiasi cha fedha, tarehe, na litakalompata mtoto asiyelipiwa. Hayo yasemwe kwa Kiswahili na yarudiwe kwa Kikamba, sentensi baada ya sentensi.

Nyanya naye aachwe aseme kwa Kikamba, kwani kuielewa lugha kidogo si sawa na kuweza kujitetea kwayo. Mfasiri wake asiwe mwenyekiti. Mwenyekiti ana haraka na ana msimamo wake. Malalamiko ya dakika 3, yenye sababu na mapendekezo ndani yake, hutoka kinywani mwake yakiwa “anasema pesa ni nyingi”. Afadhali mzazi mwingine, naye afasiri kila baada ya sentensi mbili.

Jambo jingine la kuangaliwa ni mkutano kuhama lugha. Mtu mmoja hutania kwa Kikamba, wa pili humjibu, na baada ya dakika 10 walimu wale wanatazama madirishani. Aghalabu hakuna nia mbaya. Watu waliozoeana kwa lugha fulani huirudia kama mguu unavyoirudia njia, hasa mjadala ukipamba moto. Kukemea huleta uchungu. Mwenyekiti mwerevu humgeukia mmoja wa wale wanne na kumuuliza kwa Kiswahili: “Mwalimu, wewe walionaje hilo?” Atakayemjibu mwalimu huyo atajibu kwa Kiswahili, na wengine watamfuata.

Na swali la “Mmeelewa?” liachwe kabisa, kwa sababu hakuna mtu mzima atakayekiri mbele ya majirani kwamba hakuelewa. Ishara za kweli ni nyingine: wanaocheka baada ya wenzao kwisha kucheka, na wanaoinua mkono baada ya kumtazama jirani. Aulizwe kwa upole: “Nyanya, ukifika nyumbani utawaambia nini kuhusu fedha hizi?” Akitaja kiasi na tarehe, kura ipigwe. Asipovitaja, jambo lirudiwe kwa Kikamba kabla ya mkono wowote kuinuliwa.