Pindo la Suruali Lililobadili Jina

John Stephen Akhwari aliingia uwanjani Mexico City jioni ya tarehe 20 Oktoba 1968 akichechemea, mguu umefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda mbio za marathoni. Mhariri wa picha ambaye hajawahi kumwona Mtanzania huyo angeweza kumtaja bila kubahatisha. Kifuani Akhwari alikuwa na namba 36, na namba hiyo iliandikwa kwenye orodha ya washindani mbele ya jina moja tu. Sare peke yake ingemfikisha mhariri kwa timu ya Tanzania na kumwacha hapo. Namba ilimfikisha kwa mtu.

Hiyo ndiyo tofauti ya kushika tunaposoma alama zilizomo pichani. Sare humtaja mtu kwa kundi lake: askari, muuguzi, mwanafunzi wa shule fulani. Namba au beji humtaja yeye mwenyewe, mradi mahali fulani pawe na orodha ya nani alipewa ipi, na aliyepewa ndiye aliyeivaa. Maelezo ya picha, yale maneno yanayochapishwa chini yake, ni kitu kingine kabisa. Hayo ni ushahidi wa binadamu aliyesema, "Huyu ni fulani," naye anaweza kukosea kama shahidi yeyote.

Kosa la shahidi wa namna hiyo liliwahi kudumu miaka 71 chini ya picha mojawapo mashuhuri kuliko zote za vita. Mnamo tarehe 23 Februari 1945, Joe Rosenthal wa shirika la habari la Associated Press alipiga picha ya wanajeshi sita wa Marekani wakisimamisha bendera juu ya Mlima Suribachi, katika kisiwa cha Iwo Jima huko Japani. Tukio lilipita upesi na hakuandika jina la hata mmoja. Nyuso nazo hazikusaidia: wengine wamegeuka, wengine wamefunikwa na mikono yao au na kofia za chuma. Picha ilipochapishwa, Marekani nzima ikataka kujua ni akina nani.

Aprili mwaka huo Rene Gagnon, askari wa kikosi cha Marine aliyekuwapo mlimani, alionyeshwa nakala iliyokuzwa akawataja wenzake. Mmoja wa aliowataja ni John Bradley, tabibu wa Jeshi la Majini aliyekuwa akihudumia askari wa Marine. Mwingine ni Henry Hansen, aliyekuwa ameshauawa vitani. Ira Hayes, ambaye naye alikuwa miongoni mwa sita hao, alijua kwamba aliyeshika mlingoti chini kabisa ni Harlon Block wala si Hansen. Alimweleza ofisa mmoja, akaambiwa anyamaze. Mwaka 1946 alisafiri hadi Texas kuwaeleza wazazi wa Block, na Januari 1947 uchunguzi wa kijeshi ukampa haki.

Baada ya hapo majina yakaonekana kuwa yametulia. Yakaingia vitabuni, na mwaka 1954 sanamu kubwa ya shaba ya tukio hilo ikazinduliwa Arlington, karibu na Washington. Lakini maelezo yaliyonakiliwa mara elfu bado ni kauli moja. Kila aliyenakili alimtegemea aliyemtangulia, na mwisho wa mnyororo huo wote alikuwa Gagnon na picha yake iliyokuzwa.

Mwaka 2014 gazeti la Omaha World-Herald lilieleza kazi ya watafiti wawili wa kujitolea, mmoja Mmarekani na mwingine wa Ireland, waliokuwa na shaka kuhusu Bradley. Hawakuanza na sura. Walikusanya picha nyingine zilizopigwa mlimani siku ileile, ambazo watu wake walitambulika vizuri, wakatazama kila mmoja alivaa nini na alibeba nini.

Katika picha hizo Bradley amekunja pindo za suruali yake. Anayedaiwa kuwa Bradley kwenye mlingoti hakukunja. Hoja hiyo peke yake ni nyepesi, maana pindo hukunjwa na kukunjuliwa. Wakashuka kiunoni: mtu wa kwenye mlingoti amevaa mkanda wa mifuko ya risasi za bunduki, na umening'inia kifaa cha kukatia nyaya. Hivyo ni vifaa vya askari wa bunduki, si vya tabibu, na Bradley haonekani navyo kwingine. Wakapanda kichwani: mtu huyo amevaa kofia ya kitambaa chini ya kofia ya chuma, ilhali Bradley hana. Tofauti moja mtu angeweza kuieleza. Tatu kwa pamoja, ndani ya siku moja, zilitaka Bradley awe amebadili suruali, mkanda na kofia kisha akavirudisha.

Kumwondoa Bradley kulikuwa nusu ya kazi, kwa sababu mtu hakuondoka na kuacha nafasi wazi. Vifaa vile vililingana na vya Franklin Sousley, askari aliyekuwa akitajwa katika nafasi nyingine ya picha hiyohiyo. Ikiwa Sousley anahamia hapa, nani alisimama pale alipodhaniwa yeye? Mtu wa pale alikuwa na ukanda wa kofia uliokatika, unaning'inia upande wa kushoto. Katika picha nyingine za siku ile ukanda kama huo unaonekana kwenye kofia ya Harold Schultz. Kikosi cha Marine kikafanya uchunguzi wake, na Juni 2016 kikatangaza kwamba Schultz ndiye aliyekuwapo na Bradley hakuwapo. Schultz alikuwa amefariki mwaka 1995 bila kudai sifa hadharani. Mwaka 2019 kikosi hichohicho kilisahihisha jina la tatu: aliyedhaniwa kuwa Gagnon mwenyewe alikuwa Harold Keller.

Hakuna haja ya kumwita Bradley mwongo. Siku hiyohiyo, mapema kidogo, bendera nyingine ndogo ilikuwa imesimamishwa juu ya mlima uleule, naye alishiriki. Mtu aliyeshiriki tukio moja akiambiwa yumo kwenye picha ya tukio linalofanana nalo anaweza kukubali kwa moyo mweupe. Ndiyo maana kauli ya shahidi, hata mkweli, hupimwa kwa vitu vilivyomo pichani.

Lakini vitu navyo vina mipaka. Mkanda wa Sousley haukuwa na jina lake. Ulimtaja yeye kwa sababu tu picha nyingine za mlima ule na siku ile zilimwonyesha akiuvaa. Ungechukua picha ya mwezi mmoja baadaye, hoja yote ingeanguka, maana vifaa vya jeshi hubadilishana mikono. Ndivyo ilivyo kwa beji: koti la hospitali lenye jina la daktari laweza kuazimwa na mwenzake aliyelisahau lake nyumbani, na mkimbiaji aliyeumia huweza kumpa rafiki namba yake. Anayeitegemea alama lazima aulize ilitolewa kwa nani, na kama saa ile ya picha bado ilikuwa kwa huyohuyo.

Anayeandika maelezo ya picha leo, awe mhariri wa gazeti au mjukuu mwenye albamu ya ukoo, anaweza kumpunguzia kazi atakayekuja baadaye. Aandike tarehe na mahali, awapange watu kuanzia kushoto, kisha aseme jina limetoka wapi: "kwa mujibu wa shangazi", "kwa beji", "kwa orodha ya timu". Jina la Bradley lingetiliwa shaka mapema zaidi kama chini ya kila nakala pangeandikwa kwamba limetajwa na Rene Gagnon, Aprili 1945, kwa kutazama picha.