Zima wakora, usimzime mwajiri: Jinsi ya kupanga simu yako

Ukiwa umetuma maombi ya kazi kila pembe ya mji, nambari ngeni ikiita hujui kama ni riziki au mkora. Baada ya kupigiwa mara tatu kwa siku na watu wanaodai umeshinda zawadi, wengi huchoka na kuwasha kitufe cha kuzuia nambari zote zisizojulikana. Shida ni kwamba neno "Unknown" halina maana moja kwenye simu zote.

Kwenye iPhone, ukiwasha "Silence Unknown Callers", simu haitaita kwa nambari yoyote ambayo hujaihifadhi. (Kwa matoleo mapya, kazi hiyo iko chini ya "Screen Unknown Callers", ukichagua "Silence".) Utaiona baadaye kwenye orodha ya simu ulizokosa. Kwenye programu ya simu ya Google, ambayo iko kwa Android nyingi, "Unknown" iliyo ndani ya "Blocked numbers" huzuia tu wale wanaoficha nambari zao. Nambari ngeni inayoonekana bado itaita. Kwa hivyo rafiki yako wa Android akikwambia "washa hiyo tu, mimi sijakosa simu yoyote", anasema ukweli wake, lakini kwa iPhone yako matokeo ni tofauti kabisa.

Tuseme afisa wa ajira kule Eneo la Viwandani ana majina ishirini mbele yake saa nne asubuhi. Anapiga, simu yako inanyamaza, na kwa kuwa huku kwetu ni wachache wanaoacha ujumbe wa sauti, anaenda kwa jina linalofuata. Ukimpigia jioni, nafasi za mahojiano zishajaa.

Njia salama zaidi ni kuacha nambari ngeni ziite mchana, kisha kupunguza kelele kwa njia nyingine. Kwenye programu ya Google, ingia "Settings", halafu "Caller ID & spam", uwashe "Filter spam calls". Hii huzuia nambari zinazoshukiwa kuwa za usumbufu, si kila mgeni. Haishiki zote, maana mkora hubadilisha laini kila mara. Kwa sababu hiyohiyo, kubloku nambari moja moja ni kama kufukuza nzi.

Kama ni lazima unyamazishe simu, labda uko darasani au umelala baada ya shifti ya usiku, tumia "Do Not Disturb" na uruhusu anayerudia kupiga. Kwenye Android kitufe huitwa "Repeat callers": mtu yule yule akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu inaita. Kwenye iPhone ni "Allow Repeated Calls", lakini muda ni dakika 3 pekee. Mtu mwenye dharura hurudia kupiga. Kumbuka tu kwamba mkora sugu pia anaweza kurudia.

Wale wa iPhone wanaotaka kubaki na "Silence" wana ujanja mmoja: nambari uliyoipigia hivi karibuni hupita. Basi ukishatuma maombi, ihifadhi nambari ya ofisi iliyo kwenye tangazo, au ipigie mara moja kuuliza kama barua yako imefika.

Sasa njoo kwa meseji. Unapata ujumbe kwamba umepokea Sh2,500, kisha dakika mbili baadaye mtu analia kwa simu: "Boss, nimekosea nambari, tafadhali nirudishie." Kabla ya kugusa chochote, angalia mambo mawili. Kwanza, ujumbe umeingia wapi? Wa kweli hukaa pamoja na zile za zamani chini ya jina M-PESA, ilhali wa uongo mara nyingi hutoka nambari ya kawaida na kufungua ukurasa wake. Pili, piga *334# uangalie salio lako. Kama halijaongezeka, hakuna pesa iliyotumwa. Hata kama imeongezeka, usimrudishie mwenyewe. Mwambie apeleke ujumbe wake wa M-PESA kwa 456 ili Safaricom ishughulikie. Aliyekosea kweli atakubali, lakini mkora atatukana na kukata.

Ujumbe wa utapeli upeleke 333 bila malipo kabla ya kuufuta. Na yeyote akijiita mhudumu wa Safaricom, tazama nambari: kampuni hiyo husema hupigia wateja kutoka 0722 000 000 pekee. Akiulizia nambari yako ya siri, kata simu, hata kama anajua jina lako lote.

Mwisho, kila Ijumaa fungua "Spam & blocked" kwenye programu ya meseji ya Google. Chujio hukosea, na mwaliko wa mahojiano unaweza kulala humo katikati ya matangazo ya kamari.