Gari moja, mahali pawili

Je, msomaji, umewahi kuwasikia vijana wakizozana kuhusu mashindano ya magari ya kwenye simu, kila mmoja akiapa kwamba ndiye aliyeshinda? Usiwaite waongo. Huenda wote wawili wanasema walichokiona.

Tuseme mmoja yuko Nakuru mjini na mwenzake yuko Gilgil. Magari yao yanakwenda sambamba kwa mwendo wa kilomita 108 kwa saa, yaani mita 30 kwa sekunde. Habari za gari la huyu zikichukua sehemu mbili za kumi za sekunde kumfikia yule, simu humwonyesha mwenzake mahali alipokuwa, mita 6 nyuma. Kila mmoja basi hujiona ametangulia.

Dawa ya kwanza ni kuweka mwamuzi mmoja, ambaye ni kompyuta kuu iitwayo seva. Simu haisemi, "Niko hapa." Hupeleka amri tu: kata kushoto, ongeza mafuta. Seva ndiyo hupiga hesabu ya magari yote na neno lake ni la mwisho. Hata mdanganyifu hawezi kujiweka mbele kwa kutangaza tu.

Lakini kungojea jibu la seva kila unapokata kona kungechosha. Kwa hiyo simu huliendesha gari lako papo hapo kwa kukisia, kisha hujisahihisha jibu likifika. Mchezo wa QuakeWorld ulitumia mbinu hiyo mwaka wa 1996.

Na gari la mwenzako je? Tuseme seva hutuma habari mara 20 kwa sekunde. Likichorwa zinapofika tu, gari litaruka mita 1.5 kila mara, kama chura. Ndipo simu huchelewesha picha kwa makusudi, labda kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ikishajua gari lilikuwa mita ya 300 kisha mita ya 301.5, hujaza hatua za katikati na gari huteleza vizuri. Gharama yake ni kwamba unamwona mwenzako mita 3 nyuma zaidi. Ndiyo sababu mshindi hatangazwi kwa macho.

Habari zikikatika kwa muda mrefu kuliko akiba hiyo, simu hubaki kubahatisha. Mwenzako amekata kona, lakini kwako anaonekana akienda moja kwa moja hadi kichakani, halafu anarudi barabarani ghafla.

Utatambuaje kasoro? Magari ya wengine yakiruka kwako peke yako, habari zinakufikia kwa kusitasita. Gari lako likivutwa nyuma, seva imekataa makisio ya simu yako, mara nyingi kwa kuwa amri zako zimechelewa au zimepotea njiani. Wachezaji wote wakilalamika kwa wakati mmoja, ingawa wanatumia mitandao tofauti, huenda seva yenyewe imelemewa. Hapo kubadilisha laini ya simu hakutakusaidia.