Alama ya Kuuliza Hailindi Jina la Jedwali

Waandishi wa programu hufundishwa mapema namna ya kuwazuia wadukuzi wanaopenyeza amri zao kwenye hifadhidata. Usiunganishe maneno ya mtumiaji na amri ya SQL. Weka alama ya kuuliza mahali pake, kisha ikabidhi hifadhidata thamani yenyewe kando. Kinga hiyo ni ya kweli, ila inalinda mahali palipowekwa alama hiyo tu.

Tuchukue mfumo wa kubuni wa matokeo ya shule, ambao kila mwaka una jedwali lake. Mwanafunzi anachagua mwaka, anaandika namba yake ya mtihani, na programu iliyoandikwa kwa Python inafanya hivi:

```
sql = "SELECT jina, alama FROM " + jedwali + " WHERE namba = ?"
cur.execute(sql, (namba,))
```

Ukiikagua harakaharaka utaipitisha, kwa kuwa alama ya kuuliza ipo. Lakini jina la jedwali nalo linatoka kwenye kivinjari cha mtumiaji. Orodha ya miaka inayoonekana kwenye skrini haimfungi mtu, maana anayejua kazi hii hutuma ombi lake moja kwa moja kwa seva na kuandika apendacho. Badala ya `matokeo_2023` anatuma hiki:

```
(SELECT jina, nywila AS alama, jina AS namba FROM watumiaji) AS t
```

Kwenye nafasi ya namba ya mtihani anaandika `admin`. Hifadhidata inaunda jedwali la muda kutokana na orodha ya watumiaji, inaita nywila "alama", inaita jina "namba", kisha inatafuta safu ambayo namba yake ni `admin`. Ukurasa wa matokeo unamwonyesha nywila ya msimamizi pale ambapo pangekuwa na alama za hesabu.

Tazama kwamba hakutumia alama ya nukuu, nukta mkato wala vistari viwili vya maoni. Programu inayochuja herufi hizo tatu ingempisha bila kushtuka. Na ile alama ya kuuliza haikuharibika hata kidogo; ilipokea neno `admin` kama thamani tupu, ikafanya kazi yake barabara, safari hii kwa faida ya mwizi.

Je, jina la jedwali nalo lisiwekewe alama ya kuuliza? Jaribu `FROM ?` kwenye SQLite na utarudishiwa kosa la sarufi. Sababu ni kwamba hifadhidata huichambua amri kabla ya kupokea thamani. Wakati huo inataka kujua jedwali ni lipi, lina safu wima zipi na litasomwa kwa njia gani. Thamani inaweza kungoja. Jina la jedwali ni sehemu ya amri yenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa jina la safu wima, likiwemo lile la kupangia matokeo baada ya `ORDER BY`.

Kosa la ukoo huu liliwahi kuitikisa Drupal, programu ya kuendeshea tovuti. Drupal 7 ilitumia vigezo kama inavyoshauriwa. Ila ilipopewa orodha ya thamani, ilitunga majina ya vigezo kutokana na funguo za orodha hiyo, na funguo ziliweza kutoka kwa mgeni. Thamani zilitengwa vizuri, funguo zikaunganishwa ndani ya amri. Rekebisho lilitolewa Oktoba 15, 2014, katika toleo la 7.32. Wiki mbili baadaye wahusika walionya kwamba tovuti isiyorekebishwa ndani ya saa 7 za tangazo ihesabiwe kuwa imekwisha kuingiliwa.

Tiba ya mfumo wetu wa shule ni fupi:

```
MAJEDWALI = {"2023": "matokeo_2023", "2024": "matokeo_2024"}
jedwali = MAJEDWALI[mwaka]
```

Hapa mtumiaji anachagua tu, halafu jina linaloingia kwenye amri ni lile lililoandikwa na mwenye programu. Kuunganisha maneno kumebaki palepale, wala si dhambi; cha kuuliza ni nani aliyeliandika neno linalounganishwa. PostgreSQL ina `quote_ident` ya kulifunga jina lisigeuke amri, na inafaa pale majedwali yasipojulikana mapema. Lakini haimzuii mtu kutaja jedwali jingine lililopo, kama `watumiaji`. Kwa hiyo akaunti inayosoma matokeo inyimwe ruhusa ya kusoma jedwali hilo.

Mimi ningeyaunganisha majedwali yote ya matokeo kuwa moja lenye safu wima ya mwaka. Mwaka ukishakuwa thamani, unawekewa alama ya kuuliza kama namba ya mtihani. Kama una programu ya namna hii, tafuta leo kila `FROM` na `ORDER BY` inayofuatwa na alama ya kujumlisha, ufuatilie neno linaloungwa hapo linatoka wapi.