Aliyeondoka Machi bado anaingiza miamala

Ukaguzi wa hesabu ukiisha, pamoja na hati ya ukaguzi mkaguzi wa nje huandika barua kwa menejimenti. Humo hueleza udhaifu aliouona katika udhibiti wa ndani. Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi namba 265 kinamtaka audhihirishe udhaifu mkubwa kwa maandishi, na bodi ipate habari.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa chama kidogo cha akiba na mikopo. Mkaguzi anaomba orodha mbili: ya watumiaji wa mfumo wa uhasibu, na ya wafanyakazi wanaolipwa mshahara. Ya kwanza ina majina 41, ya pili 34. Majina saba yamezidi. Mawili ni ya mafundi wa kampuni iliyouza mfumo. Matano ni ya walioacha kazi. Mmoja wao, keshia aliyeondoka mwishoni mwa Machi, jina lake limeingiza miamala 23 mwezi Aprili.

Hiyo ndiyo hali iliyobainika. Mwandishi mvivu angeandika kuwa chanzo ni uzembe, akafunga ukurasa. Mkaguzi wetu anauliza zaidi. Kumbe keshia mpya alianza kazi kabla hajafunguliwa akaunti, akapewa nywila ya mwenzake ili foleni isisimame. Naye fundi wa kompyuta hakujua kama kuna aliyeondoka: fomu ya makabidhiano ilidai funguo na sare, haikumtaja yeye popote.

Athari inataka uaminifu. Mkaguzi alilinganisha miamala yote 23 na stakabadhi zake, akakuta fedha zimetimia. Basi hawezi kuandika kwamba kuna wizi. Anachoandika ni kwamba fedha zikipungua kesho, kumbukumbu za mfumo zitamtaja mtu asiyekuwepo, na aliyezichukua hatabanwa kwa ushahidi huo.

Pendekezo nalo lifuate chanzo. “Imarisheni udhibiti” ni maneno matupu, ingawa nimeyasoma mara nyingi. Bora hivi: fundi atie saini fomu ya makabidhiano kabla ya malipo ya mwisho, na akaunti ifungwe siku hiyohiyo. Ifungwe tu, isifutwe, ili historia ya miamala ibaki. Akaunti ya mwajiriwa mpya iwe tayari siku anayoripoti. Mafundi wa nje wafunguliwe wanapoitwa, wafungiwe wakimaliza. Na kila miezi mitatu meneja alinganishe zile orodha mbili, atie saini.

Chini huachwa nafasi ya majibu ya menejimenti. Wengi huandika “tumekubali, tutalifanyia kazi”, bila jina la mhusika wala tarehe. Ukiwa mjumbe wa bodi, irudishe barua hiyo hadi viwili hivyo vijazwe, maana mwakani mkaguzi ataomba tena orodha zilezile.